Gliserini ya Tanga, Baridi ya Njombe na Mafuta ya Mgando Usoni

*Shikamoo Bibi Mfamasia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimehamia Njombe mwezi Februari kutoka Tanga. Kule nilikuwa najipaka gliserini tupu ya duka la dawa na ngozi ilikuwa laini. Tangu baridi ya Juni ianze huku, gliserini ileile inaniwasha na kuniacha nimepauka kuliko kabla sijapaka. Nilinunua losheni ya bei kubwa, lakini nikiipaka asubuhi, kufikia kipindi cha tatu mikono imeshakuwa myeupe, na visigino vimefanya magaga yanayotoka damu. Binti mmoja ofisini akanionyesha kwenye simu watu wanaojipaka mafuta ya mgando uso mzima usiku, wanaita slagingi. Nimefanya hivyo wiki tatu. Mashavu yamelainika kweli, ila paji la uso, hasa pembezoni mwa nywele, limejaa vipele vidogo vinavyowasha. Je, niache mgando? Na kati ya losheni, krimu na marhamu ninunue ipi, maana mshahara hauruhusu zote?*

*Mwalimu, Njombe*

Marahaba, Mwalimu. Gliserini yako haijaharibika, wala ngozi yako haijaikataa. Kilichobadilika ni hewa, na nitaanza na hewa kwa sababu ndiyo itakayotueleza habari za losheni, visigino na hata hao wajipaka mgando wa kwenye simu.

Hewa ya Tanga, tuseme ina joto la nyuzi 28 na unyevunyevu wa asilimia 75, hubeba takriban gramu 20 za mvuke wa maji katika kila meta moja ya ujazo. Hewa ya Njombe alfajiri ya Julai, joto likiwa nyuzi 8, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 8, hata kama ukungu umetanda mpaka huoni mti wa jirani. Ukungu ndio unaowadanganya wageni wa nyanda za juu, kwani mtu huona umande kila mahali akadhani hewa imejaa maji. Hewa hiyohiyo ikiingia chumbani na kupashwa moto hadi nyuzi 22, zile gramu 8 zinakuwa chini ya nusu ya kile ambacho sasa inaweza kubeba, kwa hiyo inaanza kutafuta maji popote yalipo, na mahali pa karibu kabisa ni ngozi ya mtu aliyekaa humo ndani.

Gliserini ni kitu kinachoshika maji. Wafamasia tunaviweka vitu vya namna hiyo katika kundi la vivutamaji, pamoja na urea na asidi ya laktiki, ambazo hata mwili wenyewe huwa nazo katika ngozi ya juu. Kivutamaji hakichagui maji ya kuvuta. Hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, kama wa pwani, huchukua kiasi hewani. Hewa ikiwa kavu, huchukua kutoka tabaka za chini za ngozi na kuyapandisha juu, na huko juu, kama hakuna kitu kinachoyazuia, yanaondoka na hewa. Ndiyo maana gliserini tupu iliyokulainisha Tanga inakukausha Njombe. Tatizo ni utupu wake, kwa kuwa losheni au krimu iliyotengenezwa vizuri huwa na gliserini sehemu chache tu katika kila mia, ikiwa imechanganywa na maji yake yenyewe na mafuta ya kuyafunika, na kwa namna hiyo inafaa mahali popote, baridi au joto.

Pengine utauliza kwa nini tunahangaika na maji wakati wazee wetu walijipaka mafuta tu. Mwaka 1952 mtafiti wa Kimarekani Irvin Blank alichukua vipande vya sugu, yaani ngozi ngumu ya juu, akavikausha mpaka vikawa vinavunjika. Vile alivyovitia katika mafuta, hata kwa muda mrefu, vilibaki vigumu na vya kuvunjika. Vilivyopata maji vililegea vikakunjika. Kumbe kinacholainisha ngozi ya juu ni maji, na kazi kubwa ya mafuta ni kuyazuia yasiondoke. Mafuta ya wazee wetu yalifanya kazi kwa sababu walijipaka wakitoka kuoga.

Ngozi hiyo ya juu imejengwa kama ukuta. Matofali ni chembe zilizokwisha kufa na kubapa, na udongo wa kuyashikanisha ni mafuta maalumu ambayo ngozi huyatengeneza yenyewe. Ukuta wote, ukiacha viganja na nyayo, ni mwembamba kuliko karatasi ya daftari. Ukikauka, matofali ya juu hunyanyuka pembeni na udongo kati yake hupungua. Hapo ndipo linapokuja kundi la pili, vilainishi, ambavyo ni mafuta mepesi yanayoingia katika nyufa hizo na kuzijaza: mafuta ya nazi, mafuta ya shea na mengi mengine yenye majina marefu ya kiwandani.

Wewe mwalimu utalielewa jambo hili kwa ubao. Ubao mweusi ukifutwa kwa kitambaa kikavu hubaki na weupe kwa sababu vumbi la chaki linatawanya mwanga. Ukiufuta kwa kitambaa chenye maji unarudi kuwa mweusi, ingawa vumbi jingi bado lipo palepale, na ukikauka weupe unarudi. Kupauka kwa ngozi yetu nyeusi ni hivyohivyo: weupe unaouona ni vipande vya ngozi kavu vilivyonyanyuka, navyo vinatawanya mwanga. Losheni yako ya asubuhi ni kile kitambaa chenye maji. Kufikia kipindi cha tatu maji yamekwenda zake, na umeongeza vumbi la chaki yenyewe, ambalo hufyonza unyevunyevu uliobaki viganjani, halafu ukanawa mikono kwa sabuni ukauondoa na ule utando kidogo wa mafuta uliokuwa umesalia.

Kundi la tatu ni viziba. Hivi havivuti maji wala havijazi nyufa sana. Vinakaa juu na kuyazuia maji yasitoke. Nta ya nyuki ni kiziba, mafuta ya sufu ya kondoo ni kiziba, na mfalme wao ni mafuta ya mgando, ambayo kwenye lebo huitwa petrolatamu. Katika vitu vya kawaida vya dukani, hakuna kinachozuia maji kama mgando. Ulianzia kwenye visima vya mafuta vya Pennsylvania, ambako wachimbaji walikuwa wakijipaka uchafu wa nta uliogandamana kwenye mitambo yao ili kutuliza majeraha, na Robert Chesebrough akausafisha na kupata hataza yake mwaka 1872. Nalitaja hilo kwa sababu bado nakutana na watu wanaodhani kitu cha bei rahisi namna hii hakiwezi kuwa dawa ya maana, wakati kwa kazi hii moja ya kuziba, makopo ya bei mara kumi hayaufikii.

Sasa losheni, krimu na marhamu. Watu wengi huzipanga kwa uzito mkononi, na hawakosei sana, lakini tofauti yenyewe ni kiasi cha maji yaliyomo. Losheni ni maji zaidi, na matone madogo ya mafuta yameelea ndani yake. Krimu ina maji na mafuta kwa kiasi kinachokaribiana. Marhamu ni mafuta karibu yote, na mafuta ya mgando hayana maji hata tone. Kama unataka kuliona jambo hili kwa macho, chukua kisosi, weka kijiko kimoja cha chai cha losheni yako upande mmoja na kijiko kimoja cha mgando upande mwingine, vitandaze viwe vyembamba, uviache dirishani siku moja au mbili. Mgando utaukuta ulivyouacha. Losheni itakuwa imesinyaa na kubaki utando, na utando huo ndio unaobaki mkononi mwako saa tatu asubuhi. Losheni nyingine huacha utando mzuri, nyingine huacha karibu na harufu tu, na bei haitakuambia ni ipi. Lebo itakuambia zaidi, kwa kuwa viungo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi. Maji yatatangulia, mara nyingi kwa jina lake la Kilatini, na hilo ni la kawaida, tazama kinachofuata. Ukikuta gliserini na petrolatamu au mafuta mengine miongoni mwa majina manne au matano ya mwanzo, hiyo ina kitu. Ukikuta manukato yamekaa juu ya mafuta, umenunua marashi mazito.

Losheni si mbaya. Kwa mwili wote mahali penye joto na jasho, kwa kifua na mgongo, kwa mwanamume mwenye malaika mengi mwilini, au kwa mtu anayevaa nguo nyepesi asubuhi na kukimbilia daladala, losheni ndiyo inayofaa, kwa sababu inasambaa haraka na haigandi kwenye nguo. Krimu ni ya kawaida ya baridi, na ndiyo ninayoipendekeza kwa uso mkavu. Marhamu ni ya mahali palipokauka hasa: visigino, viwiko, magoti, midomo, vidole vilivyopasuka. Lina faida nyingine ambayo haisemwi sana: kwa kuwa kwa kawaida halina maji, halihitaji dawa nyingi za kuzuia vijidudu visizaliane ndani ya kopo, kwa hiyo ngozi iliyochubuka hulivumilia kuliko losheni, ambayo huchoma.

Lakini kabla hujatoa hela, nikueleze kwamba krimu nzito unayo tayari, imegawanyika katika vyombo viwili. Losheni yako ina maji, kivutamaji na kilainishi, ila inakosa kiziba cha kutosha. Kopo lako la mgando ni kiziba kitupu kisicho na maji ya kuzuia. Ukipaka losheni kwenye ngozi ambayo bado ina ubichi wa kuoga, kisha juu yake ukapitisha mgando kidogo uliosuguliwa kwanza kati ya viganja mpaka ukalegea, umepata kwa mikono na miguu kitu kinachofanya kazi sawa na krimu nzito ya bei ya kutisha. Ninachokushauri ununue ni vitu viwili tu: krimu ya uso isiyo na manukato, hata kama ni ya bei ya chini, na krimu ya urea kwa ajili ya visigino, ambayo nitaieleza baadaye.

Slagingi yenyewe ni nini? Jina limetoka kwa koa, yule mdudu mlaini asiye na gamba anayeacha ute unaong'aa anapopita, kwa kuwa aliyejipaka hivyo hulala uso ukimetameta. Ni kupaka utando mwembamba wa mgando juu ya vitu vingine vyote, mwisho kabisa, kabla ya kulala. Hauongezi maji. Hauna lishe yoyote inayoingia ndani. Unapunguza tu kasi ya maji kutoka, na kwa saa sita au saba ngozi ya juu inapata utulivu wa kujirekebisha. Zamani palikuwa na hofu kwamba ngozi ikizibwa itaacha kutengeneza mafuta yake ya ukutani, kwa sababu plastiki isiyopitisha mvuke kabisa ilionekana kuuchelewesha ukarabati huo. Watafiti walipouchunguza mgando, wakachapisha mwaka 1992, walikuta jambo jingine: haukai juu tu kama plastiki, unajipenyeza kati ya matofali ya juu, na ukuta ulioharibika unaendelea kujijenga chini yake. Kwa hiyo wale wanaokuambia ngozi itashindwa kupumua, wajibu kwamba unapumua kwa mapafu.

Ndiyo sababu mashavu yako yamelainika. Paji la uso ni habari nyingine. Mgando wenyewe haujulikani kwa kuziba vinyweleo na kuleta chunusi, lakini unafunika chochote kilichokuwa chini yake, na hapo ndipo sharti lake kubwa lilipo. Ukiupaka juu ya uso ulioshinda na jasho, vumbi la chaki na mafuta ya nywele, umevifungia vyote hivyo mpaka asubuhi. Hukusema kama unanawa kwanza. Hukusema pia kama umesuka, lakini vipele vinavyofuata mstari wa nywele karibu kila mara vinanifanya niulize habari za mafuta ya kichwani. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi walieleza aina ya chunusi waliyoiona kwa Wamarekani weusi waliokuwa wakitumia mafuta mazito ya nywele: vipele vidogo, vingi, vilivyokusanyika kwenye paji na pembezoni mwa uso, mahali mafuta yanapoteremka. Hivyo kwa kawaida haviwashi sana. Vyako vinawasha, na kama vyote vina ukubwa mmoja, kama punje za mtama zilizomwagwa, ninashuku zaidi fangasi ambaye kila mtu anaye katika ngozi yake na ambaye hustawi mahali penye joto, jasho na mafuta. Chunusi za kawaida huchanganyika, kubwa na ndogo, nyingine na kichwa cheusi, nyingine na usaha. Vyote viwili vinaweza kuwapo pamoja.

Kwa hiyo jibu la kama uache mgando ni kwamba uuache kwenye paji, pua na kidevu, ambako ngozi ina mafuta yake mengi, na uendelee nao kwenye mashavu, midomo na kando ya macho. Mafuta ya nywele yapake katikati ya mistari ya kichwa, vidole viwili nyuma ya mwanzo wa nywele, na ulale na kitambaa cha kichwa kisichoshuka hadi kwenye paji. Vipele vipe wiki mbili. Visipopungua, mwonyeshe mfamasia au tabibu wa hapo, kwani fangasi huyo ana dawa ya kupaka isiyo ya gharama kubwa, na dawa za chunusi hazimgusi.

Kuna swali moja ninalolazimika kuliuliza, na unisamehe kama halikuhusu. Je, chini ya mgando unapaka krimu nyingine yoyote, hasa ya kung'arisha uso au mkorogo wa kupimiwa dukani? Kiziba husukuma ndani kile kilicho chini yake. Krimu zenye klobetasoli au betamethasoni, yaani dawa kali za steroidi, ambazo watu hujipaka bila kuandikiwa, huingia kwa nguvu zaidi zikifunikwa, na uso ni mahali pembamba ambapo madhara huanza mapema: ngozi nyembamba yenye kuonyesha mishipa, wekundu unaowaka mara unapoacha, vipele visivyoisha. Dawa za chunusi za jamii ya vitamini A na zenye asidi nazo huchoma zikizibwa. Usiku wa dawa hizo usiwe usiku wa mgando.

Sasa nikupangie, kwa siku moja ya kawaida. Oga kwa maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi. Najua kule baridi inamfanya mtu atamani maji ya moto sana, lakini hayo ndiyo yanayoyeyusha udongo wa ukuta wako. Sabuni iishie kwapani, sehemu za siri, miguuni na penye uchafu, mikono na mapaja yapite kwa maji tu. Jikaushe kwa kubonyeza taulo bila kusugua, na uache ngozi bado ina ubichi. Una kama dakika tatu kabla hewa haijauchukua ubichi huo. Paka losheni mwili, kisha mgando kidogo juu yake kwenye mikono, miguu na viwiko.

Kiasi ni jambo ambalo wengi hukosea. Mwili mzima wa mtu mzima hutaka gramu 20 hadi 30 kwa mpako mmoja, kwa hiyo anayejipaka mwili mzima kila siku humaliza chupa ya mililita 400 katika wiki mbili au tatu hivi. Kama yako imekaa zaidi ya mwezi, hujajipaka, umejigusa. Kwa mgando ni kinyume: kidogo ndicho kinachotosha. Kwa mashavu yote mawili chukua kiasi cha punje moja ya njegere, ulegeze kwa joto la vidole, na uubonyeze juu ya krimu ambayo tayari umeipaka kwenye uso ulionawa na kubaki na unyevunyevu. Ukiamka na mto umeganda mafuta, ulipaka mwingi. Usiku mbili au tatu kwa wiki zinatosha mashavu yakisharudi hali yake. Gliserini yako usiitupe. Matone matatu manne katika kiganja chenye maji, yapakwe kwenye mwili mbichi kabla ya losheni, bado yana kazi.

Shuleni weka kopo dogo la mgando mezani. Kila baada ya kunawa, futa mikono ibaki na ubichi na upake mgando kiasi cha punje ya mchele mgongoni mwa mikono na kuzunguka kucha. Utajua kama kinatosha kwa kupitisha ukucha taratibu juu ya mkono baada ya saa moja: ukiacha mstari mweupe, ongeza, usipouacha, basi.

Visigino vina shida yao peke yao, kwa sababu nyayo hazina kabisa tezi za mafuta na ngozi yake ni nene mno kwa losheni yoyote. Hapa ndipo urea inapofaa. Ikiwa sehemu 5 hadi 10 katika mia, huvuta maji tu. Ikifika 20 na kuendelea, huanza pia kulegeza ugumu wenyewe. Tafuta ya 20 au 25. Usianze nayo leo, kwa kuwa magaga yanayotoka damu yatachomwa nayo vibaya. Kwa siku nne tano za kwanza loweka miguu dakika kumi katika maji ya uvuguvugu, ifute, jaza magaga kwa mgando mwingi, vaa soksi za pamba ulale. Nyufa zikifunga, badilisha: urea kwanza, mgando juu, soksi. Jiwe la kusugulia lipite polepole baada ya kuloweka, mara moja au mbili kwa wiki, na wembe usiusogeze kabisa. Kama una kisukari, au kisigino kimevimba, kina joto na kutoa usaha, nenda hospitali kabla ya kufuata lolote nililoandika hapa. Na kama kati ya vidole pana ngozi nyeupe iliyolowana inayowasha, huo ni fangasi, usiuzibe kwa mgando.

Jambo la jiko. Mgando na marhamu hulowea katika soksi, khanga na mashuka, na kitambaa kilichonyonya mafuta hayo kikishika moto huwaka haraka kuliko kitambaa kikavu. Hata kukifua hakuondoi yote. Usiote moto wa mkaa ukiwa na nguo hizo, wala usilale na jiko chumbani, ambalo lina hatari yake nyingine ya hewa ya sumu.

Mashavu na mikono uipe wiki mbili, visigino mwezi. Ukiona mahali pamebaki na duara lenye kingo zilizonyanyuka, au muwasho unaokuamsha usiku na wenzako wa nyumbani nao wanajikuna, hapo hatuzungumzii tena ukavu, mwone tabibu. Na likizo ya Desemba ukishuka Tanga, mgando ubaki Njombe isipokuwa wa visigino na midomo. Kule losheni peke yake itakutosha, na ukitaka, hata ile gliserini yako.